Urefu wa Kuketi na Urefu wa Miguu: Kipimo Kinachokumbuka Miaka ya Kwanza ya Mtoto

Msichana wa miaka tisa aliletwa na bibi yake katika kliniki yetu hapa Arusha, akitokea upande wa Maji ya Chai, kwa sababu wenzake wa darasa moja walikuwa wamempita kwa kimo. Aliposimama kwenye ubao wa kupimia, tulisoma sentimita 126. Kisha tulimketisha juu ya sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 40, mgongo na makalio vikigusa ubao, macho yakitazama mbele, tukasoma 108. Ukitoa urefu wa sanduku unapata 68, ambao ndio urefu wake wa kuketi, yaani kuanzia makalio hadi utosini. Ukitoa 68 katika 126, zinabaki sentimita 58 za miguu. Uwiano tunaoutafuta hupatikana kwa kugawanya urefu wa kuketi kwa urefu wa kusimama na kuzidisha kwa 100, na kwake ulikuwa 54.

Ili kuielewa namba hiyo, ni lazima kukumbuka jinsi mwili unavyokua. Mtoto mchanga ni kichwa na kiwiliwili zaidi kuliko miguu, kiasi kwamba urefu wa kuketi huchukua takriban theluthi mbili ya urefu wake wote. Kuanzia hapo hadi karibu na balehe, miguu hukua kwa kasi kuliko kiwiliwili na uwiano hushuka mwaka hadi mwaka, mpaka kufikia karibu nusu au kuizidi kidogo. Baadaye miguu hutangulia kusimama huku kiwiliwili kikiendelea kukua, na uwiano hupanda tena kidogo.

Sehemu inayokua kwa kasi ndiyo inayoumia zaidi mtoto anapokosa chakula cha kutosha au anapoharisha na kuugua mara kwa mara. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kulingana kwa kimo, lakini yule aliyepitia dhiki utotoni akawa na miguu mifupi kwa kiwiliwili chake. Japani ilishuhudia upande wa pili wa jambo hili: kati ya mwaka 1957 na 1977, maisha yalipokuwa yakiboreka, vijana wake waliongezeka kimo, na karibu ongezeko lote lilikuwa la miguu.

Je, basi, 54 ya msichana wetu ni alama ya njaa ya zamani? Tusikimbilie huko. Alikuwa amesuka nywele na kuzifunga fundo utosini, nasi tulikuwa tumepima juu ya fundo. Nilimwambia bibi, "Shikamoo bibi, samahani, naomba tumfungue nywele kwanza tupime upya." Zilipofunguliwa, urefu wa kusimama ulikuwa 124, na wa kuketi 66. Miguu ilibaki 58 vilevile, kwa sababu fundo lilikuwa limeongeza sentimita mbili kwenye vipimo vyote viwili, na kutoa kunalifuta. Uwiano, hata hivyo, ulishuka hadi 53.2. Kosa la namna hiyo huongeza uwiano bila kugusa miguu, na mtoto anayeketi kwa kujikunja hulipindua: kiwiliwili huonekana kifupi na miguu mirefu kuliko ilivyo. Makalio manene nayo humwinua mtoto juu ya sanduku, kwa hiyo mtoto mnene huweza kuonekana ana miguu mifupi.

Hata 53.2 ilitufanya tumwangalie zaidi. Tulimwambia asimame vifundo vya miguu vikigusana, na magoti yakaachana kwa upana wa vidole vinne: alikuwa na matege. Mguu uliopinda hauonyeshi urefu wote wa mifupa yake, maana ubao hupima mstari ulionyooka, si mkunjo. Katika vijiji vinavyozunguka Mlima Meru jambo hili ni la kuangaliwa kwanza, kwa kuwa maji ya maeneo kadhaa yana madini ya floraidi yanayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na floraidi nyingi huharibu meno na, kwa wanaoinywa kwa miaka, mifupa pia. Matege huweza pia kutokana na upungufu wa vitamini D au kalisi, kwa hiyo picha ya eksirei na vipimo vya damu huhitajika.

Kwa maoni yangu, uwiano wa mara moja usitumike kumhukumu mtoto wala mlezi wake. Jamii hutofautiana kwa maumbile, na kumlinganisha mtoto wa wafugaji wa Longido na mwenzake wa Marangu kwa jedwali moja kunaweza kupotosha. Msichana huyu tulimpa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, apimwe na mpimaji yuleyule, kwenye sanduku lilelile, asubuhi kama leo, kwa kuwa mwili hupungua kimo kadiri siku inavyoendelea. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Tulimwomba bibi alete chupa ya maji ya kisima wanachochota, na mjukuu akaandikiwa eksirei ya magoti yote mawili.