Vita vya Kagera si kipimo cha vita vya Burundi

Wengi wetu Tanzania tulivijua vita kupitia Kagera. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka. Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Adui alikuwa na sare, mpaka na mkuu mmoja. Hata mgambo wetu waliingizwa jeshini wakapokea amri kutoka juu. Nasikia watu wakivieleza vita vya Burundi kwa kipimo hichohicho, na hapo ndipo wanapopotea.

Dhana: Burundi walipigana Wahutu na Watutsi, basi.

Ni kweli chuki ya kikabila ilikuwa moto wa vita vile. Vilianza baada ya kuuawa kwa Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa rais, Oktoba 21, 1993, na mauaji ya pande zote mbili yakafuata. Lakini kabila halikutosha kukuambia nani yuko na nani. Vijana wa Kitutsi wa mjini Bujumbura walikuwa na magenge yao yaliyoitwa Sans Echec. Serikali nayo iliwapa silaha vijana wa vijijini walioitwa walinzi wa amani, na wengi wao walikuwa Wahutu. Upande wa waasi, CNDD iliyoanzishwa 1994 ilipasuka 1998, ikapasuka tena 2001, na tawi kubwa, lililojulikana kama FDD, likabaki kwa Pierre Nkurunziza. FNL, kundi jingine la waasi, nayo ilipasukapasuka.

Kisha likaja la kushangaza zaidi. Kundi la Nkurunziza lilipofanya amani na serikali mwaka 2003, wapiganaji wake waligeuka wakapigana bega kwa bega na jeshi dhidi ya FNL, ambayo ilikuwa ya Wahutu wenzao.

Dhana: Mwananchi huchagua upande.

Mfikirie mkulima wa Bujumbura Vijijini, kwenye vilima ambako FNL ilikuwa na nguvu. Usiku watu wenye bunduki wanabisha hodi, wanataka maharage na mchango. Akikataa, anaitwa msaliti. Asubuhi wanajeshi wanapanda kilima kuuliza nani aliwalisha waasi. Akinyamaza, ni mwasi. Akisema, usiku utaingia tena. Mtu huyu hajachagua chochote, anatafuta kufika kesho. Ndiyo maana utii wake hubadilika kufuatana na nani anakishika kilima wiki ile, na ndiyo maana serikali iliwahamisha maelfu kwa maelfu ya wanavijiji ikawaweka kambini ili waasi wakose chakula. Kambi zile ziliwatesa raia kuliko waasi. Kwenye vita vya nchi na nchi, askari huuliza adui yuko wapi. Hapa anauliza adui ni nani, na akikosea anayekufa ni raia.

Dhana: Wakishasaini, vita vimekwisha.

Hii ndiyo dhana iliyotugharimu matumaini mengi. Nyerere alianza kusuluhisha, mazungumzo ya Arusha yakafunguliwa Juni 1998, naye akafariki Oktoba 1999. Mandela akayapokea. Agosti 28, 2000 makubaliano yakatiwa saini, na tukashangilia. Lakini makundi mawili yaliyokuwa yakipigana hasa msituni, FDD na FNL, hayakuwa miongoni mwa waliosaini. Wenye kalamu walikuwa Arusha, wenye bunduki walikuwa kwingine.

Kulikuwa na ugumu mwingine ambao karatasi peke yake haiwezi kuuondoa. Askari wa Amin aliposhindwa alikimbia, na wetu aliposhinda alirudi kwao. Mwasi wa Burundi kwao ni palepale. Akiweka bunduki chini leo, kesho anaishi jirani na mtu aliyekuwa akimwinda, chini ya jeshi lilelile alilokuwa analiogopa. Naye askari wa Kitutsi aliogopa kwamba akiliachia jeshi, watu wake hawatakuwa na wa kuwalinda. Kila mmoja alitaka mwenzake atangulie.

Kilichofungua fundo ni jeshi lenyewe. Arusha walikubaliana kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu katika vyombo vya ulinzi. Mwaka 2003, mjini Pretoria, kundi la Nkurunziza likaahidiwa asilimia 40 ya nafasi za maofisa. Kwa hiyo mwasi hakuambiwa aweke imani yake kwa jeshi. Aliambiwa aingie ndani yake, akiwa na wenzake. Kwa maoni yangu kifungu hicho kilizuia damu nyingi kuliko hotuba zote za siku ile ya Agosti.

FNL walibaki nje. Walisaini kusitisha mapigano Dar es Salaam Septemba 2006, wakapigana tena Aprili 2008. Mwanzoni mwa 2009 waliondoa jina la Palipehutu, lililowataja Wahutu, kwa kuwa chama hakiruhusiwi kujiita kwa kabila, na Aprili mwaka huo kiongozi wao Agathon Rwasa akakabidhi silaha. Tangu siku tuliyoshangilia Arusha, ilikuwa imepita karibu miaka minane na miezi minane.