Dagaa wa Mwanza kwenye baridi ya Mbeya: muda wa kuloweka, kukaanga na kuchemsha

Ofisi ya afya ya halmashauri imekuwa ikipokea malalamiko kuhusu dagaa wakavu wanaouzwa kwenye masoko ya jiji. Wengi wanalalamikia mchanga, wengine uchungu, na wachache tumbo kuvuruga baada ya kula. Tulipofuatilia tulikuta baadhi ya mizigo ina kasoro kweli, na tutaieleza hapa chini. Lakini sehemu kubwa ya malalamiko ilianzia jikoni, na hasa kwenye beseni la kulowekea.

Tuanze na beseni hilo. Dagaa wa Mwanza wengi huanikwa chini, juu ya mchanga wa ufukweni, kwa hiyo mchanga wanakuja nao. Mpishi anamwaga maji ya moto, anakoroga, kisha anamimina kila kitu kwenye chujio. Mchanga uliokuwa umetulia chini unarudi juu ya dagaa, halafu anayelaumiwa ni muuzaji. Dagaa hawamiminwi, wanaopolewa. Mimina maji ya vuguvugu mengi kwenye beseni jeupe, wasugue taratibu kwa viganja, subiri mchanga ushuke, kisha waopoe kwa mkono na kuwahamishia kwenye maji mengine. Rudia mpaka utakapopapasa chini ya beseni na kidole kisikwaruze. Mara nyingi ni maji ya tatu au ya nne.

Baada ya kuoshwa ndipo wanalowekwa. Kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, dagaa wadogo wa Mwanza wanatosha kwa dakika 10. Kwenye maji ya vuguvugu wape dakika 20 hadi 30, na kwenye maji ya baridi kama saa moja. Dagaa wa Kigoma walio safi wanaweza kwenda kwenye mafuta bila kulowekwa kabisa. Usipa wa Ziwa Nyasa ni wakubwa zaidi, kwa hiyo wape dakika 20 za maji ya moto, na ni vizuri kuwatoa vichwa, maana kichwa kikivutwa hutoka na utumbo wenye uchungu. Kipimo ni kumkunja dagaa mmoja. Uti ukivunjika kwa mlio, bado. Ukipinda na nyama ikabaki imeshikana, watoe. Tumbo likipasuka na nyama ikaachana na mwiba, umepitiliza, na utamu umeshahamia kwenye maji ambayo utayamwaga.

Sasa hili la kuloweka usiku kucha. Tumelieleza mara nyingi na tunalieleza tena. Dagaa mkavu hukaa miezi kwa sababu hana maji. Akishayanywa anakuwa sawa na samaki mbichi, na vijidudu huongezeka ndani yake kama kawaida. Tunaambiwa, "Mbeya ni baridi, hata friji hatuhitaji." Jiko la mkaa lililofunikwa majivu ndani ya chumba kilichofungwa halijui kwamba nje ni Juni. Zisipite saa mbili tangu dagaa walowane mpaka wafike motoni. Wala si kweli kwamba ukichemsha sana ubovu unaisha. Baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu kwenye samaki haziondoki kwa kuchemsha, hata sufuria ikae motoni mpaka jioni.

Kwenye muda wa kuchemsha, mahali unapopikia kunaleta tofauti. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi joto kama 94. Kyela, kando ya ziwa, huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Maji yanayotokota kwa nguvu Uyole hayana joto la yale yanayotokota Itungi, na kuongeza mkaa hakubadilishi hilo. Unakausha mchuzi tu. Ndiyo maana dagaa waliolowekwa, ambao kwa ndugu yako wa Kyela wameiva kwa dakika 15, kwako wanataka kama 20. Makete, kulikoinuka zaidi, ongeza tena kidogo. Funika sufuria na uweke moto wa wastani, kwa sababu kutokota kwa fujo kunawavunja.

Mafuta hayana habari na mwinuko. Yanapata joto lilelile Kyela na Mbeya, kwa hiyo muda wa kukaanga haubadiliki. Kwa familia nyingi za huku, kukaanga kwanza ndiyo njia yenye uhakika zaidi, ila waliotoka majini wasiende moja kwa moja kwenye mafuta, maana yataruka na wao watavurugika. Watandaze kwenye ungo dakika 15 hadi 20.

Chukua robo kilo. Baada ya ungo, pasha mafuta, yawe ya alizeti au ya mawese, kisha tupia dagaa mmoja. Akizama akatulia, mafuta bado. Akielea huku amezungukwa na povu, tia konzi moja au mbili, usijaze. Povu hilo ni maji yanayotoka. Baada ya dakika tatu hadi tano linapungua na mlio unafifia, na hapo ndipo pa kuwatoa. Ukisubiri mpaka wawe weusi, uchungu utakaoupata ni wa kuungua, usije kuulalamikia kwetu. Wale wakavu ambao hawakulowekwa hawafikishi hata dakika mbili. Kisha kaanga kitunguu na nyanya, rudisha dagaa, weka maji kidogo, dakika tano hadi nane zinatosha. Kama unaunga kwa karanga, ziive kwanza peke yake kama dakika 15 ukikoroga, maana huganda chini, na dagaa waingie mwishoni.

Yapo makosa ambayo hayarekebishiki jikoni. Dagaa wenye rangi ya kahawia iliyoiva na harufu ya mafuta yaliyochacha wameharibika mafuta yao, na ndimu haiwarudishi. Wenye ukungu, au wenye harufu ya dawa ya kuua wadudu, wasioshwe wala wasilowekwe. Wapo wafanyabiashara wanaopulizia dawa hizo kuzuia wadudu wasitoboe mzigo, na kuosha si dawa ya dawa.

Ukiwapata hao, usiwatupe na usiwarudishe kwa muuzaji. Wabakize wakiwa wakavu kwenye mfuko wao, andika soko, kizimba na siku uliyonunua, kisha peleka kwa afisa afya wa kata. Afisa atakwenda kukagua mzigo uliobaki, atachukua sampuli na kuifunga kwa lakiri mbele ya mwenye mali. Anaweza kuuzuia usiuzwe wakati uchunguzi unaendelea. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa mamlaka ya kukagua na kukamata chakula kisichofaa, na anayepatikana na hatia anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Masuala ya usalama wa chakula kwa ngazi ya taifa yako chini ya TBS tangu Julai 2019, kwa hiyo usishangae ukielekezwa huko.

Sufuria ya mchuzi haitusaidii. Dagaa akishapikwa na nyanya hatuwezi kusema kwa uhakika kasoro ilianzia sokoni au kwenye beseni lako, na hatuwezi kumchukulia mtu hatua kwa ushahidi huo.