CV ya mwenye uzoefu: ukurasa mmoja au miwili?

Dhana: CV nzuri haizidi ukurasa mmoja.

Ushauri huu una kwao. Umeenea sana Marekani, hasa kwa wahitimu wapya na kwa kazi za benki za uwekezaji na kampuni za ushauri. Kijana aliyemaliza chuo mwaka jana ukurasa mmoja unamtosha, tena unabaki. Shida inaanza mtu wa miaka kumi na tano kazini anapojilazimisha kuingia humo.

Tuchukue mhasibu mwenye CPA. Alianza mwaka 2007 kama mhasibu msaidizi kwenye kiwanda cha sukari, mwaka 2011 akahamia hospitali ya misheni, na tangu 2017 yuko kwenye shirika linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili, ambako sasa anasimamia watu wanne. Anaomba kazi ya meneja wa fedha. Tangazo linataka uzoefu usiopungua miaka 10, mitano kati yake akiwa msimamizi, na awe amewahi kushughulika na fedha za wafadhili.

Ili CV yake itoshe ukurasa mmoja, anafuta kiwanda na hospitali. Kinachobaki ni 2017 hadi leo. Anayefanya mchujo mara nyingi ana jedwali la masharti ya tangazo mbele yake na anaweka alama kwa kinachoonekana kwenye karatasi. Anahesabu miaka, haifiki 10, anapita. Hana sababu ya kukisia kwamba kulikuwa na miaka mingine kumi kabla ya hapo.

Wengine hawafuti, wanabana: fonti saizi 8, pambizo zimeliwa, mistari imesongamana. Huo ni ukurasa mmoja kwa jina tu. Saizi 10 au 11 ndiyo inayosomeka bila kukunja uso.

Dhana: kurasa mbili ni ruhusa ya kuandika kila kitu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na kwa maoni yangu ni kosa la mara kwa mara kuliko lile la kubana. CV ina dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, semina ya siku mbili ya mwaka 2009, halafu kila kazi imeandikiwa majukumu yaleyale yaliyonakiliwa kutoka barua ya ajira.

Kurasa mbili hugawanywa kwa uzito. Wa kwanza unabeba jina na mawasiliano, mistari mitatu au minne ya muhtasari, CPA, na kazi ya sasa kwa kirefu. Usomwe peke yake na bado ujibu masharti makuu ya tangazo. Wa pili unabeba hospitali kwa mistari mitatu hivi, kiwanda kwa mmoja (cheo, mahali, miaka, basi), kisha elimu, programu za uhasibu na wadhamini. Kazi ya kiwandani haihitaji maelezo; ipo ili miaka ihesabike.

Nafasi unayookoa huko chini ndiyo unayoitumia kwenye kazi ya sasa. Mhasibu wetu alikuwa ameandika hivi:

*Kuandaa taarifa za fedha na kusimamia ukaguzi.*

Mhasibu yeyote anaweza kuandika hivyo. Baada ya kurekebisha:

*Nasimamia bajeti ya wafadhili watatu. Nimepunguza muda wa kufunga hesabu za mwezi kutoka siku 12 hadi 6 kwa kuanzisha usuluhishi wa benki wa kila wiki.*

Mstari mmoja umekuwa miwili, na hauwezi kukatwa tena bila kupoteza kitu. Ukiona mistari ya aina hii inakusukuma ukurasa wa pili, acha ikusukume. Ila ukurasa huo ukiishia na mistari mitatu inayoning'inia juu, punguza urudi kwenye mmoja. Na jina lako na namba ya ukurasa viwepo kwenye kurasa zote, maana karatasi zikichapishwa hutengana.

Dhana: mfumo wa kompyuta hukataa kurasa mbili.

Mifumo ya kupokea maombi husoma maandishi. Kinachoisumbua zaidi ni mawasiliano yaliyowekwa ndani ya picha, au safuwima mbili zinazosomwa zikiwa zimechanganyika. Ili kujua, nakili maandishi yote ya PDF yako uyabandike kwenye faili tupu. Yakitoka kwa mpangilio wake, hapo huna shida.

Dhana: wadhamini wafutwe kuokoa nafasi.

Inategemea unaomba wapi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania hudai wadhamini watatu pamoja na mawasiliano yao, hivyo ukiwafuta umekiuka sharti. Kampuni binafsi ikiwa haijawataja, usiwaandike, ila uwaandae pembeni. Na tangazo likitaja lenyewe idadi ya kurasa au likatoa fomu yake, fuata hilo, hata kama ni ukurasa mmoja.