Pole au samahani? Barua kwa rafiki aliye ng'ambo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kuwa umeuliza lini tunasema pole na lini tunasema samahani, maana swali hili wanafunzi wangu wa Kiswahili huniuliza kila mara, na kamusi haiwasaidii. Inawapa neno moja la lugha yao kwa pole na kwa samahani, kisha inawaacha hapo hapo.

Shika hili kwanza: pole humwendea aliyepatwa na jambo, samahani humtoka aliyelitenda. Anayesema pole anatazama hali ya mwenzake. Ameumia, amechoka, ameibiwa, amefiwa. Nani mkosaji, hilo hajaligusa kabisa. Anayesema samahani anajitaja mwenyewe: nimekosa, naomba uniachilie. Neno limetoka Kiarabu na ni ndugu wa samehe na msamaha, kwa hiyo ombi limo ndani yake tayari.

Ukitaka kupima, tazama kitenzi kinachofuata "kwa". Tuseme mmeahidiana kukutana saa nne, nawe umefika saa tano kasoro robo. Utasema "Samahani kwa kuchelewa", kwa sababu aliyechelewa ni wewe. Unaweza pia kusema "Pole kwa kusubiri", kwa sababu aliyesubiri ni yeye. Kitenzi cha baada ya samahani ni chako, cha baada ya pole ni cha mwenzako. Sasa vibadilishe uone. Ukifika umechelewa ukasema "Pole kwa kuchelewa", msikilizaji atashangaa kidogo, maana umemwambia kuwa yeye ndiye aliyechelewa na wewe unamhurumia. Maneno hayo hayo yangekuwa sahihi kabisa kama yeye ndiye angefika akitweta baada ya basi lake kuharibika njiani. Kipimo hiki huwapa wanafunzi wangu msaada kuliko kanuni yoyote nyingine ninayoifundisha.

Mahali ambapo kosa huuma ni msibani. Uliniambia mfanyakazi mwenzako amefiwa na mama yake, nawe ukamwandikia "Samahani kwa kifo cha mama yako". Nia yako ilikuwa njema na bila shaka aliielewa. Lakini sentensi ile, kama ilivyoandikwa, inamfanya mwandishi aombe msamaha kwa kifo, kana kwamba alihusika nacho. Kinachosemwa ni "Pole sana kwa kufiwa na mama" au "Poleni sana kwa msiba". Angalia hiyo poleni: hata unapozungumza na mtu mmoja, mara nyingi tunatumia wingi, kwa kuwa msiba ni wa familia nzima na pole yako inawafikia wote kupitia kwake. Ukipenda ongeza "Mungu awatie nguvu" au "Mungu awape subira". Kwenda nyumbani kwa wafiwa kunaitwa kwenda kutoa pole, au kuwapa pole. Hakuna anayekwenda kutoa samahani msibani.

Usidhani hata hivyo kuwa pole inangoja balaa. Hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. Unaingia ofisini unamkuta mtu yuko mezani anaandika, kila kitu chake kiko salama, nawe unamwambia "Pole na kazi". Mtu kashuka garini, safari ilikuwa nzuri, anaambiwa "Pole na safari". Mama anayemuuguza mtoto huambiwa "Pole kwa kuuguza", na mtoto mwenyewe naye hupewa pole yake. Hakuna anayewaonea huruma kama watu waliokumbwa na janga. Tunakiri tu kwamba kazi inachosha, njia ni ndefu, na kukesha na mgonjwa ni kazi nzito. Mimi naona hii ndiyo pole iliyo nzuri kuliko zote, na ukiizoea utaona watu wanakuchangamkia. Kwa hiyo ukiambiwa "Pole na kazi", usiulize umefanyiwa nini. Sema "Asante", basi.

Yapo matukio yanayotaka maneno yote mawili, na hapo utaratibu una maana. Umempiga mtu kikumbo, simu yake imeanguka na kioo kimepasuka. Ukisema "Pole" peke yake ukanyamaza, umesimama upande wa wapita njia. Naye anaweza kukujibu kwa hasira: "Umenivunjia simu, halafu unanipa pole?" Ana haki. Pole hiyo angeweza kupewa na yeyote aliyekuwa pale akitazama. Anachokingoja kutoka kwako ni kukiri. Sema kwanza "Samahani, sikukuona", kisha "Pole sana". La kwanza linabeba kosa lako, la pili linabeba hasara yake. Ukiyasema yote, mazungumzo ya nani atengeneze kioo yanaanza mkiwa watulivu.

Kosa likiwa kubwa zaidi ya simu, samahani nayo huwa nyepesi. Mtu uliyemvunjia ahadi nzito, au mzee uliyemjibu vibaya mbele za watu, hatatosheka na neno tunalolitumia hata kumpita mtu mlangoni. Hapo sema sentensi kamili: "Naomba unisamehe", au kwa adabu zaidi "Niwie radhi" na "Naomba radhi". Kisha taja ulichokosa, usikiachie kwenye ukungu.

Nimetaja mlangoni, basi nimalizie hilo upesi. Samahani hufungua pia njia na mazungumzo pasipo kosa lolote: "Samahani, naomba kupita", "Samahani, kituo cha basi kiko wapi?" Unaomba ruhusa ya kumsumbua mtu kabla hujamsumbua. Pole haifanyi kazi hiyo. Ukimwendea mtu usiyemjua ukaanza na "Pole", atajitazama kama nguo yake imechafuka.

Nikuonye jambo moja la kimaeneo. Kenya, hasa Nairobi, utasikia watu wakisema "Pole" au "Pole, sikukuona" baada ya kukukanyaga, na hawaongezi kitu. Kwa makosa madogo ya namna hiyo pole imechukua nafasi ya samahani katika mazungumzo yao, na hakuna anayekasirika. Usiwasahihishe. Lakini wewe unayejifunza, shika tofauti niliyokueleza, kwa sababu itaeleweka kokote utakakokwenda, Kenya ikiwemo.

Sikio lako lina msaada mwingine: majibu. Pole hujibiwa "Asante", au "Nimeshapoa", yaani maumivu yamepungua, na wafiwa husema "Tumeshapoa" hata kama machozi bado yanawatoka. Samahani haijibiwi hivyo. Utasikia "Bila samahani", "Usijali", "Hakuna shida", na kwa jambo lililowahi kuwagombanisha watu, "Yamekwisha". Ukisema samahani ukajibiwa "Asante", jua mwenzako amesikia pole ndani yake, kwa hiyo rudia kwa maneno marefu zaidi: "Nilikuwa naomba unisamehe kwa kukuchelewesha."

Wako,
mwalimu wako wa Kiswahili