Rangi ya buluu si linki

Nimeletewa tena tasnifu iliyotoka saiba moja hapa Kisumu, na utetezi ni ule ule: "Linki ziko, si unaona ni za buluu?" Jamani, buluu ni rangi. Linki ya PDF ni eneo lisiloonekana lililolazwa juu ya maandishi, likiwa na mahali pa kukupeleka. Eneo hilo laweza kutoweka na rangi ikabaki.

Kinacholifuta hasa ni Microsoft Print to PDF. Hiyo ni printa: inapokea mchoro wa ukurasa tu, kwa hiyo marejeleo uliyoingiza kwa References > Cross-reference hufika yakiwa wino mtupu, na alamisho za sura hazifiki kabisa. Kwenye Word, bonyeza Ctrl+A kisha F9, tafuta neno "Error!" (likitokea, jedwali au kichwa ulichokirejelea kimefutwa), halafu nenda Save As, chagua PDF, fungua Options na utie tiki Create bookmarks using: Headings. Alamisho zitatoka kwenye vichwa vyenye mtindo wa Heading 1, Heading 2 na kuendelea. Kichwa ulichokoleza kwa mkono hakihesabiki.

Tasnifu hii ilitoka Word ikiwa nzima. Iliharibikia kwenye ukurasa wa tamko: ulichapwa, ukasainiwa na wasimamizi, ukaskaniwa, ukaunganishwa na faili, kisha faili lote likapitishwa kwenye printa ile ile ili "liwe moja". Afadhali uweke picha ya sehemu yenye saini ndani ya Word, kichwa cha tamko kikibaki maandishi, ndipo utoe PDF. Ikiwa faili la Word huna tena ila PDF yake nzima ipo, na tamko ni ukurasa wa 2, programu ya qpdf hubadilisha ukurasa huo pekee:

```
qpdf tasnifu.pdf --pages . 1 saini.pdf 1 . 3-z -- mpya.pdf
```

Alamisho na linki za kurasa nyingine hubaki. Alamisho iliyoelekea ukurasa uliotolewa ndiyo itakayokosa pa kwenda.

Sasa ukaguzi, ambako wengi hudanganyika. Wanabofya DOI, inafunguka, wanaridhika. Lakini Acrobat Reader ina mpangilio wa Create links from URLs: ikiona maandishi yanayoanza na https:// inayageuza linki yenyewe, hata kama faili halina linki hata moja. Kwa hiyo bofya kwanza "Jedwali 4.2" katikati ya aya, kwa sababu mpangilio huo haukisii jedwali hilo liko ukurasa gani. Kisha tafuta DOI iliyokatika mistari miwili na ubofye mstari wa kwanza. Ukifika kwenye "DOI Not Found", huenda programu ilikisia nusu ya anwani, au linki ya Word ilimeza nukta ya mwisho wa sentensi. Weka kipanya juu yake usome anwani yote. Hata faili zuri halina dhamana kila mahali: baadhi ya programu za simu huonyesha kurasa bila kufuata linki za ndani, basi hukumu uitoe kwenye kompyuta, kwa faili lile lile utakalowasilisha.