Vitara: jinsi matokeo ya makundi yanavyopanga jedwali la mtoano

Chukua mashindano ya wanawake 13 wanaotumia epe, mojawapo ya silaha tatu za vitara: kundi A lina watu 7 na kundi B lina 6. Kila mtu anacheza na wote wa kundi lake, hadi miguso 5 au dakika 3. Kwa kuwa wa A wana mapambano 6 na wa B 5, idadi ya ushindi pekee ingewaonea wa B. Ndiyo maana ushindi hugawanywa kwa mapambano. Aliyefungwa mara moja A ana 5/6, yaani 0.833, wa B ana 4/5, yaani 0.800. Wa A yuko juu, ingawa wote wamepoteza pambano moja.

Uwiano ukilingana, hutazamwa miguso uliyopiga kutoa uliyopigwa. Kinara wa A kashinda yote, 30 kwa 16: +14. Kinara wa B naye kashinda yote, 25 kwa 8: +17. Wa B anakuwa namba 1. Tofauti hii haigawanywi kwa mapambano, kwa hiyo wa A angeweza kufika +30 na wa B mwisho wake ni +25. Kwangu hii ni kasoro ndogo ya mfumo, lakini ndiyo kanuni.

Sasa Zuhura na Rehema wa kundi A, kila mmoja 3/6. Rehema alimshinda Zuhura 5-3, na wengi hudhani hilo linamweka mbele. Halihesabiwi. Zuhura ana 26 kwa 20, +6. Rehema 21 kwa 26, -5. Kati ya wote 13, Zuhura ni wa 6, Rehema wa 7. Wangelingana hata hapo, angetangulia aliyepiga miguso mingi zaidi, kisha kura.

Jedwali ni la nafasi 16, na wanaokutana jumla ya namba zao ni 17. Namba 14, 15 na 16 hazina mtu, hivyo watatu wa juu wanapita bila kucheza. Yule wa 0.800 ni wa 4: anaanza na wa 13. Zuhura anacheza na wa 11, akishinda anamkuta wa 3. Rehema anacheza na wa 10, kisha namba 2.

Kosa la kawaida liko kwenye karatasi ya matokeo ya kundi. V peke yake ni ushindi wa miguso 5. Muda ukiisha 4-2, andika V4. Ukiandika V unamzawadia mshindi mguso ambao hakupiga. Jumla ya tofauti zote za kundi lazima iwe 0, na hilo hufichua makosa ya kujumlisha. V iliyokosewa haifichuliwi hivyo, maana inaongeza mguso kwa mmoja na kuupunguza kwa mwingine. Linganisha karatasi na matokeo ya kila pambano kabla ya wachezaji kutia saini.

Waliomtazama Alexandra Ndolo wa Kenya kwenye Olimpiki ya Paris 2024 hawakuona hatua hii ya makundi: kule mchezaji mmoja mmoja huingia moja kwa moja kwenye mtoano, akipangwa kwa orodha ya ubora ya dunia.