«Kama» iliyopotea kwenye muhtasari wa injinia

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kusikiliza mainjinia wa migodi, kisha kuandika upya maneno yao kwa ajili ya wakubwa wa fedha na utawala, watu wasio na muda wa kukaa dakika 47 na rekodi. Mvua zilipokuwa zinaanza, mwezi wa kumi na moja, nililetewa rekodi ya maelezo kuhusu bwawa la mabaki, yaani tope linalobaki shaba ikishatolewa kwenye mawe. Muhtasari ulikuwa umeshaandikwa na mwenzangu, ukurasa 1, Kiswahili kizuri. Ulianza hivi: «Bwawa ni salama kwa kiwango cha 1.3.»

Nikarudi kwenye sauti. Dakika ya 12 injinia anasema: «Tumepata 1.3, kama maji ndani ya tuta yanabaki pale yalipokuwa mwezi wa nane. Sisi tunatafuta 1.5.»

Mwezi wa nane kwetu ni katikati ya kiangazi, vumbi tupu. Hiyo «kama» ndiyo iliyobeba habari yote, na ndiyo iliyoachwa njiani. Namba yenyewe hupatikana kwa kuchukua nguvu inayolishikilia tuta na kuigawa kwa nguvu inayolisukuma liteleze. Ikifika 1, tuta liko ukingoni. Mhasibu akiona 1.3 pekee huisoma kama asilimia 130, akafurahi kwamba lengo limepitwa. Tena si nafasi ya ajali: 1.3 haisemi lolote kuhusu uwezekano wa tuta kuvunjika. Na inashuka maji yakipanda, kwa sababu maji yakijaa kati ya chembe za udongo huzisukuma zisibanane, na ule msuguano uliolishikilia tuta unapungua.

Nikaandika: «Nguvu inayoshikilia tuta ni mara 1.3 ya ile inayolisukuma. Lengo ni mara 1.5, kwa hiyo bado hatujafika. Hesabu ilitumia maji ya kiangazi. Maji yakipanda, namba hii itashuka.» Sentensi moja imezaa nne. Sioni hasara.

Kisha kulikuwa na «mafuriko ya miaka 100». Mwenzangu aliandika kwamba mafuriko ya namna hiyo «hutokea mara moja kila miaka 100». Mkubwa akisoma hivyo anahesabu miaka: kama yalikuja juzi, basi wajukuu ndio watakaoyaona. Maana yake ni kwamba kila mwaka, hata ule unaofuata mafuriko, nafasi ni 1 kati ya 100. Mgodi huu una miaka 20 mbele yake. Nafasi ya kupita mwaka mmoja bila mafuriko hayo ni 0.99, izidishe yenyewe mara 20, unapata karibu 0.82. Inabaki nafasi ya takriban 18 kati ya 100 kwamba yatakuja angalau mara moja kabla mgodi haujafungwa.

Hiyo 18 haimo kwenye rekodi. Ni yangu, na inachukulia kwamba miaka haitegemeani na mvua hazibadiliki tabia. Kwa hiyo niliiandikia pembeni «hesabu ya mwandishi», nikaacha isitoke mpaka injinia aipitishe.

Sehemu iliyonikosesha usingizi ilikuwa dakika ya 31. Mtu anauliza kama tuta litavunjika. Injinia ananyamaza kidogo, kisha: «Siwezi kukuambia hapana mpaka piezomita ya nne ifanye kazi.» Piezomita ni kipimo kinachozamishwa ndani ya tuta kuonyesha maji yamefika wapi, ya nne ilikuwa imekufa. Muhtasari uliandika: «Injinia haoni hatari.» Kweli haoni, kwa kuwa pale hana macho! Nikabadilisha: «Upande wa kipimo cha 4 haujulikani. Injinia hakusema ni salama wala si salama.»

Kwenye kipimo cha 3, maji yalikuwa yanapanda kila juma, ila kwa kiasi gani? Injinia hutaja namba kwa Kifaransa kama sisi wote huku, na katika Kifaransa sita na kumi hutofautishwa na sauti moja tu ya mwanzo. Feni ilikuwa inanguruma karibu na simu. Muhtasari ulisema sentimita 6. Nikaomba jedwali alilokuwa analionyesha ukutani: 10.

Kando ya kila namba niliweka dakika yake kwenye rekodi, kisha nikampigia. «Papa Injinia, nikusomee?» Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha mahali pamoja: niliandika «mvua kubwa», naye alikuwa amesema mvua ya saa 24. Ile 18 akaipitisha.

Ukurasa ukawa ukurasa 1 na nusu. Mkurugenzi wa fedha alirudisha swali moja tu: piezomita ya nne inatengenezwa lini?